Mtambo wa Maji: Kujenga Wote Sasa au kwa Awamu?

Mradi wa maji unapopangwa, wananchi wengi hupendelea mtambo mmoja mkubwa utakaotosheleza mahitaji ya kizazi kizima. Hoja yao ina msingi, kwani mtambo wenye uwezo maradufu haugharimu fedha maradufu. Mlinzi ni yule yule, uzio hauongezeki sana, na tangi kubwa halihitaji saruji mara mbili ya tangi dogo. Hata hivyo, fedha inayotumika leo na ile itakayotumika baada ya miaka 10 hazina uzito mmoja, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Tuchukue mfano wa kata inayohitaji mita za ujazo 730 za maji kwa siku wakati wa kiangazi, matumizi yanapokuwa makubwa. Mahitaji yakikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, sawa na kasi ya ongezeko la watu nchini iliyoonekana katika Sensa ya mwaka 2022, yatafikia mita 1,000 baada ya miaka 10, na mita 2,000 baada ya miaka 32 hivi. Mtambo wa mita 2,000 unagharimu shilingi bilioni 3. Mtambo wa mita 1,000 unagharimu bilioni 2, na wa pili kama huo utagharimu bilioni 2 nyingine kwa bei za leo. Kwa kujumlisha tu, awamu mbili ni bilioni 4, na mtambo mkubwa unaonekana nafuu.

Lakini bilioni 2 za awamu ya pili hazitolewi sasa. Kwa miaka 10 zinaweza kupunguza riba ya mkopo au kugharamia zahanati na barabara. Faida hiyo hupimwa kwa kiwango cha punguzo. Tukichukua asilimia 10 kwa mwaka, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, shilingi 1,000 itakayolipwa baada ya miaka 10 ina thamani ya sasa ya shilingi 386 tu, yaani 1,000 iliyogawanywa kwa 1.1 mara 10 mfululizo. Hivyo bilioni 2 za awamu ya pili zina thamani ya sasa ya shilingi milioni 771. Jumla ya awamu mbili inakuwa bilioni 2.771, nafuu kuliko mtambo mkubwa kwa shilingi milioni 229.

Jibu hilo si la kudumu. Kiwango cha punguzo kikiwa asilimia 5, awamu mbili zinafikia thamani ya bilioni 3.228, na mtambo mkubwa unashinda. Kasi ya mahitaji nayo ina uzito. Kwa punguzo la asilimia 10, ikiwa mtambo wa kwanza utajaa kabla ya miaka 7 na miezi mitatu hivi, ni heri kujenga mkubwa tangu mwanzo. Katika mfano wetu, hali hiyo hutokea mahitaji yakikua kwa takriban asilimia 4.4 au zaidi, kwa mfano pale mji mdogo unapopata soko jipya au chuo.

Aidha, si kila sehemu ya mradi inafaa kugawanywa. Ardhi ya upanuzi inunuliwe mapema, kabla haijajengwa nyumba. Bomba kuu nalo lilazwe likiwa na kipenyo cha mwisho, kwa kuwa kuchimba mtaro mara ya pili hugharimu karibu sawa na mara ya kwanza. Vinavyogawanyika vizuri ni vichujio, matangi na pampu. Pampu kubwa mno kwa mahitaji madogo hufanya kazi nje ya kiwango chake bora, hutumia umeme mwingi kwa kila ndoo na huchakaa upesi.

Hatari kubwa ya kujenga kwa awamu ni kuchelewa. Ikiwa usanifu, zabuni na ujenzi huchukua miaka mitatu, maandalizi ya awamu ya pili yaanze mwaka wa 7, wakati mita ya mtambo inaposoma karibu mita za ujazo 910 kwa siku ya kiangazi. Kusubiri mpaka mita isome 1,000 ni kukaribisha miaka mitatu ya mgao wa maji, na hasara hiyo inaweza kumeza akiba yote.

Kwa hiyo, mradi wa awamu unapoletwa katika mkutano wa kijiji, inafaa wananchi waulize mambo matatu: kiwango cha punguzo kilichotumika, mwaka ambao mtambo wa kwanza unatarajiwa kujaa, na usomaji wa mita utakaoanzisha maandalizi ya awamu ya pili. Majibu hayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, ili usomaji wa kila kiangazi ulinganishwe nayo.