Kenya: Jinsi ya kukadiria dungusi mbugani bila kukagua kila eneo

Katika nyanda za Laikipia nchini Kenya, mmea vamizi wa dungusi umeharibu malisho, na miiba ya matunda yake hujeruhi vinywa vya mbuzi na ng'ombe. Kabla ya kuuangamiza ni lazima kujua upo kwa kiasi gani, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Dungusi haikui kwa kutawanyika sawasawa. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na vipande vinavyokatika huota mizizi papo hapo. Matokeo yake ni vichaka vizito vilivyotengwa na maeneo makubwa yasiyo na mmea hata mmoja.

Mwaka 1990, mtaalamu wa takwimu Steven Thompson alichapisha njia inayofaa hali kama hiyo. Wapimaji huchagua miraba michache kwa bahati nasibu. Wakikuta mmea, hukagua pia miraba minne inayopakana na huo, na huendelea hivyo hadi kichaka kizungukwe na miraba mitupu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa eneo lenye miraba 400, ambapo 10 imechaguliwa. Tisa ni mitupu. Wa kumi una dungusi 4. Ukaguzi wa majirani unafichua kichaka cha miraba mitano yenye mimea 20, 12, 4, 3 na 1, jumla 40, kikizungukwa na miraba minane mitupu.

Kosa la kawaida ni kugawanya mimea 40 kwa miraba yote 22 iliyokaguliwa, kisha kuzidisha kwa 400. Jibu, takriban 727, limekuzwa, kwa kuwa miraba ya nyongeza haikupatikana kwa bahati nasibu bali kwa kufuata mimea.

Hesabu sahihi huupa mraba ule wa kumi wastani wa kichaka chake, yaani 40 kwa 5, ambao ni 8. Miraba minane ya pembezoni haihesabiwi. Wastani wa miraba 10 ya awali ni 0.8, hivyo makadirio ni mimea 320. Mraba wowote wa kichaka hicho ungeangukiwa na kura, jibu lingebaki 320. Bila kukagua majirani, lingeweza kuwa 40 au 800, kutegemea mraba uliopatikana.

Hata hivyo, gharama haijulikani mapema. Kichaka kikubwa kinaweza kumaliza siku na mafuta ya gari, na wapimaji wakiishia njiani, wastani wa kichaka haujulikani tena. Kwa hiyo, mmea unapokuwa mwingi, huwekwa kiwango cha juu zaidi, kwa mfano mimea 5, kabla ya kukagua majirani. Kiwango hicho lazima kiwekwe kabla ya safari, si baada ya wapimaji kuchoka.

Na iwapo miraba yote 10 ya awali ni mitupu, makadirio yatakuwa sifuri, hata kama kichaka kipo umbali mfupi tu.