Pasi ya raga hutazamwa mikononi

Mashabiki wa raga wa New Zealand hawajaisahau tarehe 6 Oktoba 2007. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Cardiff, timu yao iliongoza 18-13 hadi Damien Traille wa Ufaransa alipompasia Frédéric Michalak. Michalak alichanja mbuga, akampa Yannick Jauzion, naye akafunga trai. Ufaransa ikashinda 20-18. Marudio ya televisheni yalionyesha kwamba pasi ya Traille ilikwenda mbele, lakini refa Wayne Barnes hakuliona hilo, na wakati huo mwamuzi wa video hakuruhusiwa kuamua pasi za katikati ya uwanja.

Kosa hilo ni zito kwa sababu katika raga mchezaji aliye mbele ya mpira wa timu yake ameotea, hana ruhusa ya kushiriki. Kumpasia aliye mbele ni kumpa mpira mtu aliye nje ya mchezo. Kwa hiyo timu husonga kwa mbio, kwa kusukumana au kwa teke, na hata teke likipigwa mbele, wanaolikimbilia huanzia nyuma ya mpigaji. Wamarekani waliruhusu pasi ya mbele katika futiboli yao mwaka 1906, na ukawa mchezo mwingine kabisa.

Sasa jambo linalozua kelele nyingi jukwaani. Chukua mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde, akarusha mpira nyuma kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Mbio zake bado zimo ndani ya mpira, hivyo mpira utasonga mbele mita 5 kwa sekunde. Ukidakwa baada ya sekunde moja, utakuwa mita 5 mbele ya pale ulipotoka mikononi. Ukilinganisha na mistari ya uwanja utaapa ni kosa, kumbe ni halali: aliyepasi, kama hakukabwa, yuko mita 2 mbele ya mpira. Akiangushwa papo hapo, mpira humpita na watu hupiga mayowe bure. Refa hutazama mikono ilielekea wapi wakati wa kuachia.

Kuangusha mpira mbele ni jambo jingine. Mpira ukimtoka mchezaji au ukimgonga mkononi, ukaenda mbele na kugusa ardhi au mtu mwingine kabla hajaudaka tena, wapinzani hupewa skramu. Akiuwahi angani, mchezo unaendelea. Kuzuia teke la mpinzani pindi linapopigwa si kosa, hata mpira ukiruka mbele.

Anayeupiga mbele kwa makusudi ili kukata pasi huadhibiwa kwa penalti, na mara nyingi kadi ya njano, yaani dakika 10 nje. Mlinzi akinyoosha mkono kukata pasi, refa hupima kama kweli alikuwa na nafasi ya kuudaka mpira. Kiganja kilichoelekea chini na kuusukumiza ardhini humponza.