Mtendaji Akifa, Kazi Ibaki Mikononi Mwake

Mwanafunzi ameomba hati ya matokeo kwenye tovuti ya chuo. Ukurasa unamwambia "inaendelea". Jioni bado inaendelea, na kesho yake vilevile. Walioomba baada yake wameshapata zao, wala hakuna kosa lililoripotiwa popote. Mara nyingi chanzo ni hiki: programu iliyokuwa ikiandaa hati hiyo ilikufa katikati ya kazi.

Mifumo mingi huweka maombi kama haya kwenye jedwali la hifadhidata, kila ombi na hali yake. Likiingia huandikwa `inasubiri`. Programu ndogo zinazoitwa watendaji hupita kuchukua kazi: mtendaji akiichukua huigeuza kuwa `inaendelea` ili mwingine asiiguse, akimaliza huandika `imekamilika`. Lakini seva ikiishiwa kumbukumbu, Linux huweza kumuua mtendaji papo hapo bila kumpa nafasi hata ya kurudisha alichoshika. Neno `inaendelea` linabaki pale pale, na watendaji wengine wanalitii na kuipita kazi hiyo.

Dawa yake ni ufagio: programu inayopita kila baada ya muda mfupi kutafuta kazi zilizoshikwa na mtu asiyekuwapo. Ila ufagio hauna njia ya kujua nani amekufa. Unachoweza kuona ni ukimya tu. Kwa hiyo kila mtendaji aliye kazini huandika saa kwenye safu ya `ishara`, tuseme kila sekunde 20. Saa hiyo itoke kwenye hifadhidata yenyewe, kwa kuwa saa za seva mbalimbali hupishana. Ishara ikipitisha dakika 2 bila kuhuishwa, kazi huachiliwa:

```sql
UPDATE kazi
SET hali = CASE WHEN jaribio >= 3
           THEN 'imeshindikana'
           ELSE 'inasubiri' END
WHERE hali = 'inaendelea'
  AND ishara < now() - interval '2 minutes';
```

Tuifuatilie kazi namba 418. Mtendaji wa kwanza anaichukua saa 4:00 asubuhi, na safu ya `jaribio` inapanda kutoka 0 hadi 1. Ishara yake ya mwisho ni ya saa 4:03 kamili. Sekunde 10 baadaye anakufa. Ufagio unaopita kila nusu dakika unaikuta kazi hiyo ikiwa bado ndani ya muda wake, unaiacha. Muda unapokwisha, saa 4:05, mpito unaofuata unairudisha kwenye foleni. Mtendaji wa pili anaichukua, `jaribio` linakuwa 2, na mwanafunzi anapata hati yake.

Sasa chukulia kwamba yule wa kwanza hakufa. Seva yake iliganda dakika 3, kisha ikazinduka, naye akaendelea bila kujua kwamba kazi imekabidhiwa mwingine. Hapo wapo wawili kwenye kazi moja. Kinga yake ni kumtaka kila anayemaliza ataje namba ya jaribio lake: hali ibadilike pale tu ambapo `id = 418 AND jaribio = 1`. Kwa kuwa jedwali sasa linasema 2, hakuna mstari unaobadilika, na mtendaji huyo anajua matokeo yake hayatakiwi tena. Uandishi wa ishara nao uwe na sharti hilo hilo.

Kinga hiyo inalinda jedwali tu. Haiwezi kurudisha ujumbe wa simu uliokwisha kutumwa wala malipo yaliyokwisha kutoka. Hati ikitengenezwa mara mbili hakuna hasara. Malipo yakitoka mara mbili, kuna mtu ameumia. Kazi ya namna hiyo ipewe namba ya kumbukumbu isiyobadilika toka jaribio moja hadi jingine, na upande unaopokea malipo uikatae ikija mara ya pili.

Kikomo cha majaribio 3 nacho kina sababu. Huenda ni hati yenyewe, yenye picha kubwa kupita kiasi, inayomaliza kumbukumbu na kumuua kila anayeigusa. Bila kikomo, ufagio ungeendelea kuwapelekea watendaji kazi hiyo, mmoja baada ya mwingine. Ikifika `imeshindikana`, inasubiri binadamu aitazame.

Hesabu pia kazi ngapi ufagio unaachilia kila siku. Moja moja ni ajali za kawaida. Zikiongezeka, ama watendaji wanakufa mno, ama dakika 2 hazitoshi na unawanyang'anya kazi walio hai.

Usisubiri ajali ikupime. Kwenye seva ya majaribio, mpe mtendaji kazi ndefu, muue kwa `kill -9`, kisha tazama jedwali. Kazi hiyo isiporudi kwenye foleni ndani ya dakika 3, mfumo wako bado hauko tayari kupokea maombi ya watu.