Mifuko 48 ya Saruji na Mnepo wa Boriti

Fundi amechomeka boriti mbili za chuma ukutani, zikatokeza nje mita 2 kila moja, akatandika mbao juu yake. Jukwaa limepatikana. Sasa inaletwa mifuko 48 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, na vibarua wanauliza swali la kawaida: tuipange wapi? Wakiipanga mifuko 12 kwa kila tabaka, matabaka 4, itachukua mita 1.2 tu kati ya zile mita 2. Kwa hiyo inaweza kubanwa ukutani na nafasi ikabaki mbele, au isogezwe ukingoni na nafasi ibaki nyuma. Mzigo ni uleule na boriti ni zilezile. Hata hivyo ncha za boriti zitashuka kwa tofauti ya karibu mara nne.

Kila fundi anajua kwamba mzigo ulio mbali na ukuta huelemea zaidi. Asichoweza kukikisia kwa macho ni kiasi. Kiasi hicho hupatikana kwa hesabu ya kurasa mbili za daftari, ambayo wanafunzi wa uhandisi huikuta mapema na wengi huichukia, kwa sababu hufundishwa herufi kabla ya kuonyeshwa boriti yenyewe.

Boriti ya namna hii, iliyoshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, huitwa kantileva. Galileo aliichora katika kitabu chake cha mwaka 1638: gogo limetokeza kwenye ukuta, na uzito unaning'inia kwenye ncha. Swali lake lilikuwa lini gogo litavunjika. Swali la jinsi linavyonepa kabla ya kuvunjika lilisubiri hadi Jakob Bernoulli wa Basel alipolishughulikia katika miaka ya 1690, na Leonhard Euler akalipa sura ya kihisabati mwaka 1744. Walichotuachia kinasemeka kwa sentensi moja: mahali popote kwenye boriti, mkunjo wake hulingana na momenti ya kupinda iliyopo hapo, ikigawanywa kwa ugumu wa boriti.

Ugumu huo huandikwa EI. E ni ukakamavu wa kitu chenyewe, na kwa chuma ni takriban 200 GPa. I inatokana na umbo la mkato wa boriti, na ndiyo sababu chuma chenye umbo la herufi I hushinda nondo nene yenye uzito uleule. Tuchukue boriti ya IPE 160, yenye kimo cha milimita 160. Majedwali yanaipa I ya sentimita 869 kwa kipeo cha nne. Ukizidisha na E unapata EI ya 1,738 kN·m².

Mzigo nao uandikwe. Mifuko 48 ina kilo 2,400, na kila boriti inabeba nusu, yaani karibu kN 12. Zikitandazwa sawasawa juu ya mita 1.2, ni kN 10 kwa kila mita. Huo ndio w. Urefu uliobebeshwa, mita 1.2, tuuite a, na urefu wote wa mita 2 tuuite L. Umbali x tuupime kuanzia ukutani, na mnepo y tuuhesabu kuelekea chini.

Tuanze na mifuko iliyobanwa ukutani. Simama popote ndani ya sehemu yenye mifuko, kisha utazame upande wa nje. Mzigo uliobaki mbele yako ni w(a − x), na kitovu chake kiko nusu ya umbali huo. Momenti basi ni w(a − x)²/2. Ukishavuka mfuko wa mwisho, mbele hakuna kitu, na momenti ni sifuri. Boriti moja inakuwa na kanuni mbili za momenti, na kila kipande kinadai hesabu yake:

```
0 ≤ x ≤ a:   EI y'' = w(a − x)²/2
a ≤ x ≤ L:   EI y'' = 0
```

Alama y'' ni mkunjo. Tunachotafuta ni y, mnepo, kwa hiyo tunapanda ngazi mbili kwa integrali: ya kwanza inatoa mteremko y', ya pili inatoa mnepo. Kila integrali huacha namba isiyojulikana, na vipande ni viwili, hivyo namba ni nne:

```
Kipande 1:   EI y' = −w(a − x)³/6 + C1
             EI y  =  w(a − x)⁴/24 + C1·x + C2
Kipande 2:   EI y' = C3
             EI y  = C3·x + C4
```

Hesabu safi imefika mwisho wa uwezo wake hapa. Haijui boriti imeshikwa wapi. Kanuni hizo zinaifaa boriti iliyochomekwa ukutani sawa na boriti yoyote nyingine yenye momenti ya namna hiyo, na kinachoitambulisha ya kwetu ni masharti ya mpaka.

Mawili yanatoka ukutani. Boriti haiwezi kushuka pale iliposhikwa, kwa hiyo x ikiwa 0, y ni 0. Pia haiwezi kuinama pale, kwa kuwa ukuta umeibana juu na chini, kwa hiyo y' nayo ni 0. Weka x = 0 katika kanuni za kipande cha kwanza, na mara moja C1 inakuwa wa³/6 na C2 inakuwa −wa⁴/24.

Mengine mawili wanafunzi huyatafuta mahali pasipo. Wengi hukimbilia kwenye ncha na kuandika kwamba mteremko wa pale ni sifuri. Ncha iko huru. Kilicho sifuri pale ni momenti, na hilo tumekwisha kulitumia. Mteremko wa ncha hauna sababu yoyote ya kuwa sifuri. Masharti yaliyobaki yako katikati ya boriti, pale mifuko inapoishia. Chuma hakijakatika hapo, kwa hiyo mnepo unaohesabiwa kutoka kushoto lazima ulingane na ule wa kulia. Wala hakijavunjika kikafanya kona, kwa hiyo miteremko nayo lazima ilingane. Mteremko kwenye x = a ni wa³/6EI, na mnepo ni wa⁴/8EI. Ukizilinganisha na kipande cha pili, C3 inatoka wa³/6 na C4 inatoka −wa⁴/24.

Msomaji makini ameona kwamba C3 ni sawa na C1, na C4 ni sawa na C2. Si bahati. Neno w(a − x)⁴ linafikia sifuri lenyewe pale mzigo unapokoma, na kanuni ya kwanza inajigeuza kuwa ya pili. W. H. Macaulay aliutumia ukweli wa aina hii mwaka 1919 kuandika boriti nzima kwa kanuni moja yenye mabano maalumu, akawaokoa wahandisi na kazi ya kuunganisha vipande.

Kipande cha nje sasa kinasomeka kirahisi. EI y = wa³(4x − a)/24, na huo ni mstari ulionyooka. Sehemu isiyo na mzigo haikunjiki hata kidogo. Inainama ikiwa imenyooka, ikifuata mteremko iliopewa na sehemu ya nyuma. Kwenye ncha, weka x = L na namba zetu. Mnepo ni milimita 2.8. Kati ya hizo, milimita 1.5 ni kushuka kwa mahali mifuko inapoishia, na 1.3 ni nyongeza ya ule mteremko ukitembea sentimita 80 zilizobaki.

Mifuko ikihamishiwa ukingoni hakuna haja ya kuanza upya. Fikiria boriti imebebeshwa mita zote 2, kisha ondoa mzigo wa sentimita 80 za kwanza. Boriti iliyojaa inashuka wL⁴/8EI kwenye ncha, yaani milimita 11.5. Kwa kanuni yetu ileile, a ikiwa 0.8, sehemu iliyoondolewa ingechangia milimita 0.9 tu. Inabaki milimita 10.6.

Kutoka 2.8 hadi 10.6, bila kuongeza mfuko hata mmoja. Kanuni ya Kiingereza ya BS 5950, iliyotumika kwa miaka mingi, inashauri mnepo wa kantileva usizidi urefu gawa kwa 180, ambao hapa ni milimita 11.1. Mpangilio wa ukutani umeacha nafasi tele. Wa ukingoni umepita kwa chini ya nusu milimita.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja ambalo kwenye karatasi linaandikwa bila kufikiri: y' = 0 ukutani. Ukuta wa kweli haukubali kirahisi hivyo. Tofali likisagika chini ya boriti, au weldi ikiwa haikuingia vizuri, boriti huzunguka kidogo pale iliposhikwa. Mzunguko wa milimita 2 kwa kila mita haumshtui mtu anayetazama kwa macho, lakini kwa urefu wa mita 2 unashusha ncha milimita 4, zaidi ya mnepo wote tuliouhesabu kwa mifuko iliyobanwa ukutani. Mkaguzi akipima ncha akakuta milimita 6.8 badala ya 2.8, atashawishika kulaumu chuma na kudai boriti nene zaidi.

Kipande kilichonyooka kinaweza kumwambia kosa liko wapi. Tazama tena kanuni yake: y ni sifuri pale 4x inapolingana na a. Maana yake, ukiurefusha mstari wa kipande cha nje kurudi nyuma, utakata mahali boriti ilipokuwa kabla ya mzigo kwenye robo ya a, kwetu sentimita 30 kutoka ukutani. Ukakamavu wa chuma haumo katika jibu hilo. Boriti nyembamba na nene, zikishikwa sawasawa, hukata palepale.

Mkaguzi basi anahitaji vipimo viwili kwenye kipande kisicho na mifuko, kwa mfano kwenye ncha na sentimita 50 nyuma yake, vilivyochukuliwa kabla na baada ya kupakia ili uzito wa boriti na mbao usiingie. Anachora mstari na kuurudisha nyuma. Ukikata kwenye sentimita 30 hivi, ukuta umeshika, na kama mnepo ni mkubwa basi tatizo ni boriti au mzigo. Ukuta ukizunguka zile milimita 2 kwa mita, mstari utakata kwenye sentimita 14. Vipimo lazima viwe vya sehemu ndogo za milimita, kwa kipimasaa cha fundi mitambo. Utepe wa kupimia hautoshi. Na njia hii inafaa kwa chuma. Boriti ya zege hupata nyufa upande wa juu karibu na ukuta, I yake hupungua pale na si kwingine, na mstari husogea kuelekea ukutani hata kama ukuta hauna kosa.