Kurudia Ukaguzi wa Madai ya Marejesho Baada ya Rufaa: Mfano wa Mpango wa Robodebt nchini Australia

Mpango wa Robodebt ulikagua malipo ya ustawi wa jamii nchini Australia kwa kuchukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi na kukigawa sawasawa katika vipindi 26 vya wiki mbili. Hata hivyo, stahili ya mpokeaji ilitegemea kipato alichokipata hasa katika kila kipindi. Wenye kazi za msimu ndio walioathirika zaidi na wastani huo.

Chukua mfano wa kubuni, wenye kanuni iliyorahisishwa. Mtu anapata dola 26,000 kwa mwaka, karibu zote katika nusu ya kwanza. Katika vipindi 13 vilivyosalia anapokea posho ya dola 500 kila kipindi, bila kuripoti kipato chochote. Kanuni yasema dola 100 za kwanza haziathiri posho. Kila dola inayozidi hapo hupunguza senti 50. Wastani ni dola 1,000 kwa kipindi, hivyo posho yapunguzwa kwa dola 450, na deni la vipindi 13 linakuwa dola 5,850.

Mtu huyo anakata rufaa na kuwasilisha hati zake za mishahara. Kabla ya kuingiza takwimu mpya, mkaguzi hurudia hesabu kwa takwimu za zamani. Isipotoa 5,850 ileile, basi kanuni au mfumo umebadilika, na tofauti itakayoonekana baadaye haiwezi kuhusishwa na hati pekee. Hatua hii ndiyo inayotenganisha sababu. Kanuni itumikayo ni ile ya wakati wa malipo: hadi Desemba 2020, kipato kilihesabiwa kilipochumwa, si kilipolipwa.

Hesabu ya pili yaonyesha kwamba vipindi 12 havikuwa na kipato, hivyo madai yake yanafutwa. Kipindi kimoja kilikuwa na siku za mwisho za kazi, zenye ujira wa dola 300. Deni lake lapungua kutoka 450 hadi 100. Jibu kwa mrufani halipaswi kuwa “deni jipya ni dola 100” tu. Kwa kila kipindi litaje kipato cha awali, kipato kilichosahihishwa, hati iliyokithibitisha na uamuzi wa kila upande, ili aweze kupinga kile kimoja kilichobaki. Palipokosekana hati, uamuzi huandikwa kuwa haujathibitishwa. Kujaza pengo kwa wastani ni kurudisha kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Novemba 2019, katika shauri la Amato, serikali ilikubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni lililotokana na wastani huo halikuwa halali. Mwaka 2020 ilitangaza kurejesha takriban dola milioni 721 kwa madeni yapatayo 470,000. Kwa madeni hayo kasoro haikuwa takwimu za mrufani mmoja mmoja, bali njia yenyewe ya kuhesabu, na sababu hiyo ilistahili kuandikwa hata kwa wale ambao hawakukata rufaa.