Barua ya mkunga: kichanga anaposimamisha pumzi na kukoroma puani

Wiki iliyopita kaka alinipigia saa nane usiku, mtoto wao ana siku 9, eti "ameacha kupumua." Kabla sijavaa viatu akapiga tena: ameanza. Asubuhi shemeji akamtumia ujumbe mkunga aliyemzalisha, naye akawajibu kwa barua ndefu. Nimeomba ruhusa, nawawekea hapa:

"Wanangu, poleni kwa kukesha. Kichanga hapumui kwa mpangilio kama sisi. Anavuta haraka haraka, anatulia sekunde 5 hadi 10, halafu anaendelea. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi bado haijakomaa. Hali hii hupungua kadiri anavyokua, na wengi huachana nayo kufikia miezi 6.

Baba, msihesabu kwa sekunde 15 mkazidisha mara 4, kile kituo kitawadanganya. Mngojeni alale, mfunueni kifua, mhesabu dakika nzima kwa saa. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Kati ya 30 na 60 ni sawa. Ikifika 60 au zaidi, hesabuni tena; ikirudia hivyo, njooni.

Hiyo pua inayokoroma siyo lazima iwe mafua. Njia zake ni nyembamba mno, kamasi kidogo tu inapiga kelele, na yeye hupumua zaidi kwa pua. Kama ananyonya vizuri, iacheni. Ikimsumbua kunyonya, chemsheni kikombe cha maji (mililita 240), tieni nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kiwe sawa, kisiwe cha mlima. Yakipoa, tone 1 au 2 kila tundu kabla ya kunyonya. Kesho tengenezeni mengine. Mafuta, dawa za kuchua zenye harufu kali na pamba za vijiti visikaribie pua yake. Na alale chali."

Kaka akahesabu: 48 kwa dakika, kituo kirefu sekunde 7. Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. (Bibi bado anataka kuinyonya pua kwa mdomo, tunambembeleza.)

Lakini mwisho wa barua mkunga kawa mkali:

"Msisubiri kupambazuke kama pumzi inasimama sekunde 20 au zaidi, midomo au ulimi unakuwa wa bluu, anaguna kila akitoa pumzi, nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani, amekataa kunyonya, analegea au ana joto la 37.5 na kuendelea. Akiwa wa baridi na hapati joto hata mkimkumbatia kifuani, njooni pia. Viganja na nyayo kuwa za bluu kidogo siku za mwanzo si tatizo, angalieni ulimi."

Nyie wenye vichanga, mlishawahi kuhesabu? Mlipata ngapi? Tupieni maoni hapo chini.