Unafanya kwa Mtu Garsen na Unalipwa 7,000? Hebu Piga Hesabu Hapa

Tuseme wewe ni mboch pale Garsen. Unaingia asubuhi, jioni unarudi kwako, na mwisho wa mwezi mdosi anakutumia 7,000. Je, ni halali?

Usijilinganishe na beshte yako wa Mombasa. Sheria ya mishahara imegawa Kenya mara tatu: miji mikubwa, manispaa za zamani, halafu sehemu zingine zote. Garsen iko kwa hilo fungu la tatu, ambalo ndilo la chini kabisa.

Tangu Novemba 1, 2024, mfanyakazi wa nyumbani kwa fungu hilo anafaa kupata kama 8,596 kwa mwezi. Na hiyo ni mshahara mtupu, bado pesa ya nyumba.

Kwa vile hulali kwa mdosi, anakuongeza asilimia 15, yaani kama 1,289. Jumla inafika 9,885. Kwa hivyo kila mwezi unapunjwa 2,885. Ukilala kwake, hiyo ya nyumba haipo, lakini 7,000 bado iko chini kwa 1,596.

Atakwambia, "Si unakula hapa? Na si tulikubaliana?" Chakula si mshahara, na makubaliano ya chini ya kiwango hayasimami.

Weka meseji zote za M-Pesa, kisha uone afisa wa leba wa kaunti. Usikawie sana, maana madai ya kazi yana mwisho wa miaka 3.